Kigoda cha Nje ya Dirisha

Juzi mwanangu aliniuliza kwa nini huwa namwomba bibi yake ruhusa kabla ya kumpiga picha, ilhali ni mama yangu mzazi. Nilimjibu kwa kifupi, lakini mawazo yalishakwenda Pangani, kwenye utafiti tulioufanya huko.

Tulitaka kujua wanawake wa pale wanapataje habari. Dodoso lilishapita: una redio? Una televisheni? Una simu? Safari ile tukatumia fotovoisi, mbinu ambayo Caroline Wang na Mary Ann Burris waliianzisha miaka ya 1990 na wanawake wa vijijini Yunnan, China. Mshiriki anapewa kamera, anapiga picha za maisha yake, kisha kikundi kinakaa kuzijadili. Sisi tuliomba picha za kila wanapotazama, kusikiliza au kusoma chochote.

Nyingi zilikuja picha za vyombo. Redio imefutwa vumbi, imetandikiwa kitambaa cha kufuma, na msikilizaji hayumo. Hapo unajua mtu amepanga.

Kisha ikaja ya mama mmoja muuza samaki, ambaye kwenye dodoso alijibu "sina" kwa maswali yote matatu. Kigoda kitupu nje ya nyumba ya jirani, juu yake dirisha la nondo, na ndani mwanga wa televisheni. Tukaanza na maswali ya kawaida ya mbinu hii: tunaona nini, na hasa kinatokea nini?

"Naona kigoda," akasema mmoja.

"Ndipo ninaposikilizia taarifa ya habari ya saa mbili."

"Sasa mbona huingii ndani, dada?"

Akanyamaza kidogo, akikunja ncha ya kanga. "Nikiingia ni mgeni, na mgeni hukaribishwa chakula. Kila siku, jamani? Pale nje nimepumzika tu."

Wengine wawili wakasema hata wao wana dirisha lao. Tukamuuliza akiwa pale anaona nini. Haoni kitu, anasikia tu. Televisheni kwake ni redio. Tangazo la chanjo likimalizia na "piga namba hiyo hapo chini", yeye namba hana. Dodoso letu lisingeyafikia hayo, maana liliuliza nani anamiliki nini.

Ila ndani ya dirisha alionekana mtoto wa jirani, sura yake wazi. Kanuni ni kwamba anayetambulika lazima aridhie, na mtoto huridhiwa na mzazi, kabla picha haijatoka nje ya kikundi. Jirani alipoulizwa akakataa, hakutaka sebule yake ionekane. Tulipopendekeza kulikata dirisha lisionekane pichani, mwenye picha naye akakataa: bila dirisha, kigoda kinabaki kigoda tu.

Ripoti ikatoka na maelezo bila picha. Jirani alikuwa na haki, na muuza samaki alikuwa na haki. Nimeshalipima jambo hili mara nyingi, na bado sioni ni wapi tungewatosheleza wote wawili.