Keki bapa bila kukata kilima: kumbukumbu ya mradi wangu wa keki ya matabaka

Lengo la mradi huu ni moja tu: kutoa matabaka mawili ya keki ya vanila, kila moja la sentimita 20 kwa upana, yaliyo bapa kiasi cha kupandanishwa na krimu katikati bila kushika kisu cha msumeno. Keki ikitoka na kilima, tabaka la juu linachezacheza, unalazimika kujaza krimu nyingi pembeni ili kuziba pengo, na ikisafiri kwa bodaboda inafika kwa mwenye sherehe imeinama upande. Kilima kinakatika, sawa, lakini uso uliokatwa unamwaga chembe kwenye krimu, na keki unayoikata ni siagi na mayai uliyolipia. Nataka ubapa utoke ndani ya oveni.

Mapishi nimeyashikilia yaleyale tangu mwanzo ili kinachobadilika kiwe joto peke yake: siagi gramu 225, sukari gramu 225, unga wa ngano gramu 225, mayai 4, beking pauda vijiko vidogo 2 vya kufuta, maziwa vijiko vikubwa 2 na vanila. Rojo nalipima kwenye mizani, karibu gramu 450 kila tini. Tini zote mbili ni za alumini isiyopakwa rangi, kina chake sentimita 5.

Kilima kinatoka wapi

Wengi husema keki imepasuka kwa sababu beking pauda imezidi. Inawezekana, lakini kwa mapishi yaliyopimwa vizuri sababu kubwa ni kwamba keki haiivi yote kwa wakati mmoja. Ukuta wa tini ni chuma, nao unapokea joto la oveni haraka na kulipeleka kwenye rojo lililougusa. Rojo lenyewe halipitishi joto upesi, kwa hiyo katikati kunabaki kubichi muda mrefu baada ya pembeni kushika moto.

Sasa angalia kinachofuata. Rojo la keki yenye sukari nyingi linaanza kuganda likifika nyuzi 80 na kitu: wanga wa unga umenyonya maji na kuvimba, ute na kiini cha yai vimekaza. Pembeni kukishaganda hakuumuki tena, kumefungwa hapo kulipofikia. Katikati bado ni laini, gesi ya beking pauda inaendelea kutanuka na mvuke unaongezeka, na kwa kuwa pembeni kumeshakuwa ukuta, rojo lina njia moja tu ya kwenda, nayo ni juu. Hicho ndicho kilima. Kama uso wa juu nao umeshakauka na kuwa gamba, rojo la chini linalisukuma hadi linachanika, na ule mpasuko unaonyesha ndani kwa rangi ya njano iliyofifia kwa sababu sehemu hiyo imechelewa kuona joto.

Kwa hiyo kilima na mpasuko ni vitu viwili. Kilima kinatokana na pembeni kuwahi. Mpasuko unatokana na gamba la juu kuwahi. Nilipovitenganisha hivyo, kazi ya kila dawa ikaeleweka: kushusha joto kunachelewesha gamba, na kitambaa chenye maji kinachelewesha pembeni.

Kushusha joto

Kabla ya kushusha chochote, weka kipimajoto ndani ya oveni. Yangu ni ya umeme, na kitufe kikiwa kwenye 180 kipimajoto kinasoma karibu 200 baada ya kuipasha moto kwa dakika 20. Nyuzi 20 zinatosha kabisa kuigeuza keki bapa kuwa mlima, kwa hiyo namba zote ninazoandika hapa ni za kipimajoto.

Kwa nyuzi 180 za kweli, rafu ikiwa katikati, keki iliiva kwa dakika 26. Niliipima kwa rula ikiwa imepoa: pembeni sentimita 2.6, katikati 4.4, na ufa mmoja mrefu juu. Kwa nyuzi 160 iliiva kwa dakika 34. Ufa ukatoweka, uso ukawa laini, lakini kilima kikabaki: pembeni 3.0, katikati 4.0. Kushusha joto kunampa katikati muda wa kumkaribia pembeni, ila chuma bado kinapokea joto kabla ya kitu kingine chochote.

Kishawishi ni kuendelea kushuka. Kwa nyuzi 140 keki ilikuwa karibu bapa, lakini ilikuwa nzito, yenye matundu makubwa upande wa juu na utepe uliokandamana chini. Keki ikiganda kwa kuchelewa sana, viputo vya gesi vinaungana na kutoroka kabla wanga na mayai havijavishika. Kwa mapishi ya siagi kama haya, sishuki chini ya 160.

Vitambaa

Hapa ndipo utamu wa mradi ulipo. Maji yakiwa kwenye kitambaa hayapandi kupita nyuzi 100, hata oveni ikiwa 160. Joto linalofika pale linatumika kuyageuza maji kuwa mvuke, na kazi hiyo inakula joto jingi sana: kukausha gramu moja ya maji yanayochemka kunahitaji zaidi ya mara tano ya joto la kuyachemsha kutoka kwenye baridi ya barafu. Ukiuzungushia ukuta wa tini kitambaa kibichi, chuma cha pembeni kinabaki chini ya nyuzi 100 muda wote ambao kitambaa kina maji, na rojo la pembeni linaganda karibu sawa na la katikati.

Nimetumia taulo kuukuu la pamba tupu. Mzunguko wa tini ya sentimita 20 ni karibu sentimita 63, kwa hiyo nilikata kipande cha sentimita 75 ili kipandane. Upana nilikata sentimita 15, nikakunja mara tatu hadi kikalingana na kina cha tini. Kukunja ni muhimu, maana khanga ya tabaka moja inakauka kabla keki haijaiva. Na lazima iwe pamba. Kitambaa chenye nailoni au poliesta kinaweza kuyeyuka na kugandia kwenye chuma. Kama huna uhakika, choma uzi mmoja: wa pamba unaacha jivu laini, wa nailoni unajikunja na kuwa kidonge kigumu.

Kitambaa nakilowesha kwenye maji baridi ya bomba, kisha nakikamua mpaka kisidondoshe lakini ukikibana kwa vidole unyevu unajitokeza. Nakifunga kwa pini mbili za chuma zile za nepi, zikiwa nje mbali na rojo. Kibane vizuri kwenye ukuta wote. Kikiinama upande mmoja, keki nayo inabaki chini upande ambao chuma kiko wazi.

Shangazi yangu, aliyeoka kwa mkaa miaka mingi, aliposhuhudia akauliza, "Mwanangu, hiyo nguo haitaungua?" Nikamwambia, "Ikiwa na maji haiungui, shangazi." Lakini swali lake ni la msingi, kwa hiyo nilikipima kitambaa. Kikiwa kikavu kilikuwa gramu 50, kikaingia ovenini kikiwa 150, kikatoka na 85. Maana yake maji yalibaki hadi mwisho, na ndivyo inavyotakiwa. Kikitoka kikavu au kimeanza kuwa na rangi ya kahawia, kilikamuliwa mno au keki imekaa muda mrefu kuliko kinavyoweza. Kwenye oveni ya gesi yenye moto wazi chini, tini ikae katikati ya rafu na pasiwe na ncha ya kitambaa inayoning'inia.

Matokeo ya nyuzi 160 pamoja na kitambaa, dakika 39: pembeni sentimita 3.4, katikati 3.7. Hakuna ufa. Tofauti ya milimita 3 inamezwa na krimu bila kugusa kisu, na nikiigeuza keki juu chini ingali ya moto kiasi, nusu ya tofauti hiyo inajilaza yenyewe.

Linganisha na keki ya kwanza. Wastani wa pembeni na katikati kwenye ile yenye mlima ni sentimita 3.5, na kwenye hii ni karibu vilevile. Keki haikupungua wala kuongezeka. Rojo lililokuwa likikimbilia katikati limebaki pembeni. Na pembeni pale sasa ni laini hadi kwenye ngozi, hakuna ule ukingo mkavu wa kahawia ambao wageni huuacha kwenye sahani.

Kuiva kwake usikupime kwa saa peke yake, kwa kuwa kitambaa kinaongeza muda. Kijiti kikitoka kisafi katikati, na ukibonyeza kwa kidole uso ukirudi, toa. Mwenye kipimajoto cha kuchoma, katikati kwa nyuzi 96 hivi kumeiva. Usisubiri pembeni kuachane na tini kama ulivyozoea. Kwa kitambaa pembeni kunabaki kweupe na kumeshikana, kwa hiyo paka siagi na unga vizuri ukutani, na karatasi ya kuokea chini.

Yasiyotibiwa na kitambaa

Nilijaribu makusudi kuongeza beking pauda hadi vijiko 3 na nusu, kitambaa kikiwepo. Keki ilipanda vizuri, kisha katikati kukazama kama sahani. Kitambaa kinapanga joto, hakipunguzi gesi. Wanaooka sehemu za juu kama Nairobi au Arusha wanalijua hili, maana hewa huko ni nyepesi na gesi inatanuka zaidi, hivyo kipimo cha pwani kikipunguzwa kidogo ndipo keki inatulia.

Rojo lililopigwa sana baada ya kutia unga nalo linajenga nyuzinyuzi za ngano zinazovuta, na keki inatoka na kilima chenye ncha na mashimo marefu kama mirija ndani. Ukikata ukaiona mirija hiyo, hatia ni ya mwiko.

Kwa wanaotumia jiko la mkaa, makaa juu ya kifuniko ndiyo yanayotengeneza gamba mapema. Weka machache mwanzoni, na uongeze mwishoni keki ikishapanda, kwa ajili ya rangi tu.

Jumamosi naingia kwenye tini ya sentimita 25. Katikati kutakuwa mbali zaidi na ukuta, keki itakaa ovenini muda mrefu zaidi, na kitambaa cha mikunjo mitatu huenda kisifike mwisho kikiwa na maji. Nimeshakata cha sentimita 95 kwa 20, cha kukunja mara nne.