Vikaratasi visivyo na jina: nilivyojua kimoja ni cha kufurahia na kingine ni cha kuogopa

Kikaratasi cha kwanza nilikikuta juu ya meza yangu kazini. "Jana ulivyowaeleza wale wageni taratibu, nilipenda kukusikiliza. Siku njema." Hakikuwa na jina. Nilitabasamu, na hata leo naona nilikuwa na sababu ya kutabasamu: mwandishi alisema jambo ambalo chumba kizima kililisikia, akakiweka mahali pa wazi, na hakuniomba chochote. Mtu mwenye haya anayekupenda huandika hivyo. Anakupa neno zuri, kisha anakuachia nafasi.

Baada ya siku 14 kikaja cha pili, kikisifu nguo yangu ya kijani. Hapo pia sikuona tatizo. Cha tatu kilikuja siku 6 baadaye, kikiwa na neno moja tu, "Nakuwaza", lakini nilikikuta ndani ya mfuko wa mkoba wangu, ambao huwa naufunga kwa zipu. Wengi hukosea hapa kwa sababu wanapima utamu wa maneno. Neno lenyewe lilikuwa laini kuliko yote yaliyotangulia, lakini ili lifike pale, mtu alifungua mkoba wangu bila ruhusa. Mahali ujumbe ulipowekwa ni sehemu ya ujumbe.

Siku hiyo nilichukua daftari nikachora safu tano: tarehe, saa, mahali, maneno kama yalivyo, na safu ya mwisho niliyoiita "amejuaje?" Safu hiyo ya mwisho ndiyo iliyonisaidia zaidi. Kwa kila ujumbe jiulize mtu angelazimika kuwa wapi ili ajue alichoandika. Nguo ya kijani, mtu yeyote kazini angeiona. Lakini siku 3 baadaye ulikuja ujumbe wa simu kutoka namba nisiyoijua: "Mbona Jumamosi ulizima taa mapema?" Jibu la "amejuaje?" lilikuwa moja tu: alisimama nje ya nyumba yangu usiku. Kesho yake akaandika, "Umesoma, mbona kimya?" Siku 14, 6, 3, 1. Muda ulikuwa unafupika, na kimya changu sasa kilikuwa kosa la kudaiwa maelezo.

Nilijibu mara moja tu: "Sitaki ujumbe wa aina hii. Usiniandikie tena." Sikuweka "samahani" wala "kwa sasa", kwa sababu "kwa sasa" humwambia asubiri. Sikusema nina mtu wangu pia, maana hapo mazungumzo yangegeuka kuwa juu ya huyo mtu. Sikuuliza "wewe ni nani?" ingawa nilitamani sana kujua. Swali hilo humpa alichokuwa anakitafuta, yaani kuendelea kuzungumza.

Baada ya hapo ni kimya kamili, na hiki ndicho kigumu. Ukinyamaza kwa jumbe tisa ukajibu wa kumi kwa hasira, umemfundisha kwamba zikifika kumi unajibu. Kwake, hata matusi ni jibu.

Hamu ya kwanza ni kuchana na kufuta kila kitu. Usifute. Nilipiga picha za skrini zinazoonyesha namba, tarehe na saa, nikazituma kwa dada yangu azihifadhi, ndipo nikaizuia namba. Ukimzuia kabla ya kuhifadhi, kwenye baadhi ya programu mazungumzo au wasifu wake unaweza usiuone tena. Vikaratasi nilivishika pembeni tu, kila kimoja nikakitia kwenye bahasha yake ya karatasi. Mfuko wa plastiki hufungia unyevu, na unyevu huharibu alama za vidole.

Sikwenda kumtafuta mwenyewe. Mtu anayejua taa yako inazimwa saa ngapi si wa kukabiliana naye peke yako. Jirani nilimwambia aangalie anayesimama nje, na suala la nyumba nikaliripoti polisi nikiwa na daftari mkononi. Niligundua kwamba ukisema "kuna mtu ananisumbua" huulizwa maswali mengi, lakini ukionyesha tarehe, saa na maneno yaliyoandikwa, anayekusikiliza anaanza kuandika.

Nakala nyingine nilimpelekea msimamizi wangu. Aliitafuta ile namba kwenye orodha ya wafanyakazi, akaipata. Mwenye namba aliitwa, akahamishiwa jengo lingine, na akaambiwa kwa maandishi asinikaribie. Alijitetea kwamba alikuwa anapenda tu, na kwamba kikaratasi cha kwanza nilikifurahia. Ni kweli nilikifurahia. Msimamizi alimfungulia daftari kwenye safu ya tano, mstari wa Jumamosi, akamuuliza: "Ulijuaje?"