Siku moja kwenye beseni la rafu za oveni

Saa moja asubuhi mzigo wa leo umeegemea ukutani: rafu tatu za waya, trei mbili za enameli na trei moja ya alumini, zote za oveni moja iliyochoma nyama kwa miezi mingi bila kuoshwa. Watu wakisikia kazi yangu ni kusafisha rafu za oveni hudhani nashinda nikisugua. Kusugua kwenyewe hakufiki nusu saa kwa siku. Kazi ni kujua kipi kiingie majini, maji yaweje, na kuyapa muda.

Kwanza natenga alumini. Rafu za chuma na trei za enameli zinastahimili maji ya soda ya kufulia, lakini alumini haistahimili. Soda huila: utaona vijipovu vidogo vikipanda, kisha trei inageuka kijivu cheusi, na weusi huo hautoki tena kwa kuosha. Naijua kwa wepesi wake, na kwa kuwa sumaku haiishiki. Sumaku peke yake haitoshi, kwa sababu baadhi ya vyuma visivyoshika kutu navyo haviishiki. Basi napima uzito mkononi. Trei yenye utando usiogandisha chakula naitenga vilevile, maana soda huchosha utando. Zile reli za kuteleza zenye gololi ndani hazilowekwi kamwe: grisi yake ikishatoka, zinakwama.

Saa mbili beseni liko tayari. Lina lita 40 za maji ya nyuzi 60, yaani maji ambayo mkono mtupu hauwezi kukaa ndani. Kila lita naipa gramu 30 za soda ya kufulia, kwa hiyo leo ni kilo 1 na gramu 200, pamoja na vijiko viwili vikubwa vya sabuni ya vyombo. Maji hutangulia, soda hufuata ikinyunyizwa huku nakoroga. Ukimwagia maji juu ya soda, inagandamana chini kama jiwe na nusu yake haifanyi kazi. Watu wengi hutumia soda ya kuokea wakidhani ni ileile. Si ileile, ya kuokea ni dhaifu zaidi, inafaa doa jepesi, si ukoko wa miezi. Navaa glovu ndefu za mpira na miwani, kwa sababu maji haya hukausha ngozi na yakiruka jichoni yanaunguza.

Rafu zinaingia, zinazama zote. Halafu ni kungoja.

Ukoko huu si uchafu uliolala juu ya chuma. Ni mafuta yaliyorukia waya, yakapata joto, yakashikana yenyewe kwa yenyewe mpaka yakawa kama vanishi. Juu yake yakaja mengine, na yale yaliyoungua zaidi yakawa kaboni tupu. Soda haiyeyushi kaboni. Inachokata ni yale mafuta yaliyoigundisha kwenye chuma, kwa namna ileile mafuta na magadi yanavyotengeneza sabuni. Gundi ikishalegea, kaboni inaanguka yenyewe. Ndiyo maana kazi hii inataka saa, wala haitaki nguvu.

Saa tano nachungulia, na hapo ndipo siku inapoharibika. Maji yana rangi ya chai ya rangi tu, wakati kwa saa hizo yangekuwa yameanza kufanana na kahawa. Nagusa ukoko kwa kikwangulio cha plastiki: unalia tik, tik, kama kioo. Ukoko ulioiva haulii. Unateleza kama tope na kutoka vipande. Napima joto, nyuzi 38. Mshikio wa rafu moja umechomoza na kuinua kifuniko upande mmoja, na mvuke wote umetokea hapo. Maji yakipoa hivyo soda bado ipo, lakini kazi inakwenda polepole mno na mafuta yaliyolegea huanza kuganda upya juu ya waya.

Mwenye mzigo anaingia wakati huohuo. Alitegemea kuondoka na rafu zake mchana.

“Mwanangu, si usugue tu na stili waya? Dakika kumi umemaliza.”

“Mama, nikisugua leo, mwezi ujao utaniletea zikiwa na kutu.”

Namwonyesha rafu moja aliyoisugua mwenyewe zamani. Kwa mbali inang’aa. Ukiigeuza kwenye mwanga unaona mikwaruzo myembamba, na ndani yake vidoti vya rangi ya kahawia. Rafu nyingi za oveni ni chuma cha kawaida kilichopakwa kromu nyembamba sana. Stili waya huuvuka utando huo. Chini yake ni chuma kitupu kinachoshika kutu kila kikilowa. Tena mikwaruzo hushika mafuta kuliko waya laini, kwa hiyo ukoko unaofuata unakuwa mgumu zaidi. Anaipitisha kidole, ananyamaza kidogo, kisha anauliza kama saa kumi itawezekana. Nasema nitajitahidi, na kweli sina hakika.

Nachota lita 12, namimina lita 12 zilizotoka kuchemka. Soda iliyotoka na maji yale lazima irudi, nayo ni gramu 360, niliyoikoroga kwanza kwenye maji ya moto. Joto linarudi karibu nyuzi 55. Rafu ile naigeuza mshikio uingie ndani, nafunika, natandika blanketi kuukuu juu. Mgongo umeshaanza kulalamika kwa kuinamia beseni, lakini sasa kifuniko kimekaa.

Trei ya alumini huku pembeni imelala kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo pekee, ikibadilishiwa maji yanapopoa. Itapungua ukoko, madoa ya kahawia ya pembeni yatabaki, nami nimeshamwambia mama.

Mchana unapita hivyo. Sijui ni saa ngapi nilipoinua kifuniko tena, ila maji yalikuwa meusi na vipande vilikuwa vimelala chini kama majani ya chai. Kikwangulio kinapita kimya. Waya unatoka mweupe kwa sponji tu, isipokuwa pale waya zinapopishana. Hapo nachokoa kwa kijiti cha mti na mswaki wa zamani. Nasuuza kwa maji ya moto mara mbili. Ukungu mweupe ukibaki ni soda. Kitambaa chenye siki iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji kinauondoa, kisha nasuuza tena. Siki haiingii beseni mapema, kwani siki na soda huuana na unabaki na maji ya chumvi.

Kukausha ni papo hapo. Nafuta, kisha naziingiza kwenye oveni ya nyuzi 100 kwa dakika kumi, ili unyevu uliojificha kwenye maungio uishe kabla haujazaa kutu. Pembeni zinapoteleza napaka mafuta ya kupikia, tone moja kwenye kitambaa.

Maji machafu siyamwagi yakiwa moto. Yakipoa, mafuta yanaganda juu na nayakusanya kwa kijiko, yasije yakaziba bomba.

Mama amechukua rafu tatu na trei moja ya enameli saa kumi na nusu. Trei ya pili bado ina kipande cha ukubwa wa kiganja kwenye kona kinacholia tik. Nimeiweka kwenye maji mapya ya moto, soda ileile gramu 30 kwa lita, kifuniko kikiwa kimekaa sawasawa, ilale humo hadi asubuhi.