Muda wa Neema Ambao Haukulinda Gari Letu

Bima kubwa ya gari letu ilifika mwisho wakati malipo ya mkataba mpya yakiwa bado yamekwama benki, na wakala akanitumia ujumbe: "Ndugu yangu, endelea kuendesha, kampuni inatoa siku 15 za neema." Nilimwomba anionyeshe kifungu chenyewe. Nilipokisoma niliona kwamba siku hizo zilihusu awamu ya malipo iliyochelewa ndani ya mkataba ulio hai, wala hazikuwa za mkataba uliokwisha muda, ambao ulikoma wenyewe saa sita usiku ya tarehe iliyoandikwa. Kampuni inaweza kumpokea mteja aliyechelewa bila kumfutia punguzo la kutokuwa na madai, lakini unafuu huo ni wa bei tu, na ajali ikitokea katikati haulipi chochote.

Basi nilichukua funguo zote na kuwaeleza wa nyumbani sababu. Katika nchi nyingi kosa ni kutumia gari barabarani bila bima ya mtu wa tatu, na mwenye gari anayemruhusu mwingine aliendeshe huwa na hatia pia. Askari huangalia tarehe ya cheti, na kusema kwamba ulikusudia kulipa hakufuti kosa. Lililonitia hofu zaidi lilikuwa uwezekano wa kumjeruhi mtu, kwa sababu matibabu yake na kipato atakachopoteza vingedaiwa kwetu sisi wenyewe.

Gari letu likiwa limeegeshwa hivyo, jirani aliyekuwa akirudisha gari lake nyuma aliligonga mlango. Wakala alishauri tarehe ya kuanza kwa mkataba mpya irudishwe nyuma kwa siku chache ili tudai kwenye bima yetu. Nilikataa. Kampuni ikikubali tarehe ya nyuma, kwa kawaida humtaka mteja atie saini tamko kwamba hakuna tukio lolote lililotokea katika pengo hilo. Tamko la uongo huipa nafasi ya kuubatilisha mkataba mzima, na dai kubwa la baadaye linaweza kukataliwa kwa sababu hiyohiyo.

Njia halali ilikuwa kwa jirani. Bima yake ilikuwa hai, na kukosa kwetu bima hakukuondoa wajibu wake kwa uharibifu aliousababisha. Nilipiga picha za magari yote mawili kabla hayajasogezwa, nikanakili namba ya cheti chake, naye akaiarifu kampuni yake kwa maandishi. Mkaguzi wao alikuja, akauliza kama gari letu lilikuwa likitembea, kisha wakakubali kugharimia mlango.

Malipo yetu yalipopokelewa, nilitaja mlango huo kwenye fomu ya maombi, ukiwa bado haujatengenezwa, ili usije ukaonekana kuwa uharibifu uliofichwa. Risiti ilifika asubuhi, lakini cheti kilionyesha kwamba kinga inaanza saa tisa alasiri, na gari halikutoka uani kabla ya saa hiyo.