Misingi mitatu, siyo mmoja

Jumamosi usiku, Moshi.

Diskasheni ya leo imetumia karibu muda wote kwa swali moja, na naliandika kabla sijalala maana nadhani ndilo swali linaloonyesha vizuri kuliko yote jinsi hatua ya msingi na hatua ya induksheni zinavyotegemeana. Mtihani wa hisabati diskriti umekaribia, na wadogo zangu hawa wengi wao wanajua kujaza fomu: msingi juu, dhana katikati, hitimisho chini. Kinachonihangaisha ni kile kinachoandikwa ndani ya hiyo fomu.

Swali lenyewe: thibitisha kwamba kila namba kamili n ≥ 8 inaweza kuandikwa kama 3a + 5b, ambapo a na b ni namba kamili zisizo hasi. Niliwaambia wamfikirie muuza mchele pale soko la Mbuyuni mwenye mifuko ya kilo 3 na ya kilo 5 tu, na hafungui mfuko. Swali linadai kwamba mteja anayetaka kilo 8 au zaidi, kilo zisizo na nusu, atapata kiasi kamili anachotaka.

Jibu lililoandikwa ubaoni lilikuwa hivi. Msingi: n = 8, na 8 = 3 + 5, kweli. Dhana: kauli ni kweli kwa namba zote kuanzia 8 hadi k. Hatua: k + 1 = (k − 2) + 3. Kwa kuwa k − 2 ni ndogo kuliko k, kwa dhana yetu inaandikika, basi tunaongeza mfuko mmoja wa kilo 3 na tumemaliza.

Kila mtu aliliandika daftarini. Dada mmoja wa mwaka wa kwanza akaniuliza, "Sasa kaka, mbona hujaweka tiki?"

Nikamwomba aweke k = 9 kwenye ile hatua. Tunataka kufika 10. Hatua inasema 10 = 7 + 3, na inatuagiza tuchukue mifuko inayofanya kilo 7 kisha tuongeze mmoja wa kilo 3. Haya, tupatie kilo 7 kwa mifuko ya 3 na 5. Hazipatikani: ukichukua mfuko mmoja wa 5 unabaki na 2, usipouchukua kabisa unabaki na 7, ambayo haigawanyiki kwa 3. Kilo 10 zinapatikana kweli, kwa 5 + 5, lakini uthibitisho haukusema hivyo. Ulifika kwenye jambo la kweli kwa kupita juu ya jambo la uongo, na msahihishaji hasahihishi ukweli wa kauli, anasahihisha njia.

Kosa limekaa kwenye maneno "k − 2 ni ndogo kuliko k". Ni kweli ni ndogo, ila dhana haisemi chochote kuhusu namba zilizo chini ya 8. Ili k − 2 iwe ndani ya dhana lazima k − 2 ≥ 8, yaani k ≥ 10. Kwa hiyo hatua hii inaanza kufanya kazi pale inapotafuta 11, siyo 9. Namba 9 na 10 hazina wa kuzibeba, kwa hiyo inabidi tuzithibitishe kwa mkono kama tulivyofanya kwa 8.

Wengine walipoona hivyo wakasema basi ni utaratibu tu, mwalimu hatakata alama nyingi. Hapo sikukubaliana nao. Nikawabadilishia kauli: kila n ≥ 5 inaandikika. Msingi, 5 = 5. Tuongeze na wa pili, 6 = 3 + 3. Hatua ni ileile, k + 1 = (k − 2) + 3, na maneno ni yaleyale. Kwa uandishi ule wa ubaoni tumeshathibitisha kauli ambayo ni ya uongo, kwa sababu 7 imo ndani yake. Ukiweka k = 6 unaona ufa: hatua inategemea 4, ambayo dhana haijaigusa. Njia inayoweza kuthibitisha uongo haiwezi kupewa alama hata siku inapoangukia kwenye ukweli.

Kwa hiyo ushauri wangu wa mtihani ni kuanza na hatua, kwenye karatasi ya rafu. Andika k + 1 kwa kutumia namba iliyo nyuma yake, angalia umerudi nyuma kiasi gani, kisha weka k ndogo kabisa uone kama bado umesimama ndani ya dhana. Hapo ndipo unajua misingi unayohitaji. Sisi tunaruka tatu tatu, kwa hiyo kuna minyororo mitatu: wa kwanza 8, 11, 14 na kuendelea; wa pili 9, 12, 15 na kuendelea; wa tatu 10, 13, 16 na kuendelea. Kila mnyororo unadai kichwa chake. Ukirudi kwenye karatasi ya majibu, jibu linakuwa fupi tu:

Msingi. 8 = 3 + 5, 9 = 3 + 3 + 3, 10 = 5 + 5.
Dhana. Chukua k yoyote, k ≥ 10, na tuseme kila n yenye 8 ≤ n ≤ k inaandikika.
Hatua. Kwa kuwa k ≥ 10, basi 8 ≤ k − 2 ≤ k. Kwa dhana, k − 2 = 3a + 5b. Hivyo k + 1 = 3(a + 1) + 5b.
Hitimisho. Kwa induksheni, kila n ≥ 8 inaandikika.

Sentensi ya "kwa kuwa k ≥ 10" ndiyo wanafunzi wanayoiruka zaidi, na mimi ndiyo ningeitazama kwanza kama ningekuwa nasahihisha. Inaonyesha kwamba misingi mitatu haikuwekwa kwa mazoea. Angalieni pia dhana inasema "k yoyote, tuseme". Ukiandika kwamba kauli ni kweli kwa kila k, umeshachukua kile ulichoambiwa uthibitishe.

Kisha kijana mmoja, ambaye huwa hasemi, akaleta njia nyingine iliyonifurahisha sana. Yeye anasonga hatua moja moja. Kama kilo k zina angalau mfuko mmoja wa 5, uondoe na uweke miwili ya 3: umeongeza kilo moja. Kama hakuna wa 5, mifuko yote ni ya 3, na kwa kuwa k ≥ 8 lazima iwe mitatu au zaidi, maana miwili ni kilo 6 tu. Ondoa mitatu, weka miwili ya 5: kutoka 9 kwenda 10, kilo moja tena. Hapa msingi mmoja, n = 8, unatosha kabisa, kwa sababu hatua inategemea k peke yake. Na kwenye kauli ya uongo ya n ≥ 5 njia hii inakwama yenyewe pale pale panapostahili: kilo 6 ni mifuko miwili ya 3, hakuna wa 5 na hakuna wa tatu wa kubadilisha.

Nimewaachia ya mifuko ya kilo 4 na 5, kuanzia n = 12. Wakitumia k + 1 = (k − 3) + 4 watahitaji 12, 13, 14 na 15. Wakitumia ya kubadilisha mifuko, wa 5 hauwezi tena kuondolewa kuongeza kilo moja. Ni wa 4 unaotoka na wa 5 unaoingia, na pale ambapo yote ni ya 5 itabidi waonyeshe kwamba ipo mitatu, ili 15 igeuke 16.