Rozela mezani kwa mkuu

Juzi dada kachemsha rozela, kaikamulia limau, juisi ikang'aa wekundu, mwanae akaniuliza, anko mbona imebadilika rangi? Nikacheka, maana swali kama hilo niliwahi kuulizwa na mkuu wangu wa shule, enzi zile nimetoka chuo juzi tu.

Nilikuwa nataka klabu ya sayansi. Maabara yetu ilikuwa na bureti mbili, yale mabomba ya kioo ya kupimia kimiminika, na moja inavuja, kwa hiyo mtoto wa kidato cha nne anakutana na titresheni, kule kupima asidi na besi kwa kudondosha moja kwenye nyingine mpaka rangi ibadilike, kwenye mtihani kama mgeni. Nilijua nikienda na makaratasi yataishia kwenye droo, so nikaingia na chupa ya rozela, limau, maji ya majivu niliyochuja kwa kitambaa, na glasi za kantini.

"Shikamoo Mkuu."

"Marahaba mwalimu. Hiyo juisi ni ya nani?"

Nikamwambia sio ya kunywa. Glasi ya kwanza nikadondoshea limau, ikawa nyekundu kali. Ya pili nikamimina maji ya majivu kidogo kidogo, ikaingia zambarau, halafu ghafla ikawa kijani kama maji ya mlenda. Mkuu, mwalimu wa Historia huyo, akavua miwani akainama mpaka tai ikagusa meza. "Umeweka nini humu?" Majivu tu, Mkuu. Akachukua limau mwenyewe akakamulia kwenye ile ya kijani, akasubiri, wekundu ukaanza kurudi toka pale tone lilipoangukia. Hakusema kitu kwa muda.

Halafu akakaa vizuri. "Haya, shilingi ngapi?"

Hapo ndo nikamwaga yote. Bomba za sindano za mililita 10 kutoka duka la dawa, bila sindano, mia mbili mbili, ishirini zinatosha, ndo bureti zetu hizo. Unavuta hewa kidogo kwanza halafu kimiminika, ili usome kwenye uso ulionyooka na sio kwenye kile kimpira kilichochongoka, unasoma kabla na baada, unatoa. Rozela na malimau elfu tatu. Jumla elfu saba. Kila Alhamisi saa tisa na nusu: wiki ya kwanza rangi, ya pili kupima kwa bomba, ya tatu titresheni ya siki na maji ya majivu, ya nne wanafunzi wanafundishana. Nikamwambia na ubaya wake, rozela haikai, siku mbili tatu inachacha, inabidi uchemshe upya kila wiki.

"Asidi ya stoo?"

Hatugusi, Mkuu.

Akatoa elfu kumi mfukoni kwake, sio ya shule, akasema risiti alete nani, akajijibu mwenyewe: wewe.

Muhula uliofuata Alhamisi ikachukuliwa na rimidio ya Hesabu, tukahamia Jumamosi, wa mbali wakaacha kuja. Mpaka leo sijui Mkuu alikubali sababu ya titresheni au sababu niliomba hela ndogo.