Barua niliyomwandikia mwenye nyumba baada ya kukuta boriti zimeoza

Nyumba iko mtaa wa Mkomani, Lamu, ghorofa moja juu, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Mwenyewe ni mama wa makamo anayeishi Mombasa, aliyeirithi kwa marehemu mamake. Mkataba wetu wa ukarabati ulisema nitamkabidhi tarehe 30 Novemba, na alishawaambia jamaa zake waje kuanzia tarehe 20 Desemba kwa arusi ya bintiye.

Tarehe 3 Oktoba tulikuwa tunabandua plasta ya saruji ambayo mtu alipaka miaka ya nyuma juu ya chokaa ya asili. Nyuma yake ukuta ulikuwa umelowa. Matumbawe hunywa maji, na chokaa huyaacha yatoke taratibu. Saruji huyafungia ndani. Maji yaliyofungiwa huko yalikuwa yamekula ncha za boriti pale zinapoingia ukutani. Kwa macho boriti zilionekana nzima, nyeusi na ngumu. Nilichomeka bisibisi kwenye ncha ya kwanza, karibu na jiwe, ikazama hadi mpini. Tulizipima zote za dari ya ghorofani tulizoweza kuzifikia, kwa njia hiyohiyo. Kati ya 26, 11 zilikuwa zimeoza.

Siku ile ile nilimpigia simu. Sikutaka barua iwe ndiyo ya kwanza kumpa habari.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Nyumba yaendeleaje?”

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza swali moja tu: “Basi wageni wangu watalala wapi?” Nikamwomba siku chache nimpe jibu lililopimwa, kwa maandishi.

Mkataba ulinipa siku 7 tangu kugundua tatizo kumwarifu mteja kwa barua. Ukizipitisha, unapoteza haki ya kuongezewa muda, hata kama sababu ni ya kweli. Kwa hivyo tarehe 10 ilikuwa mwisho wangu.

Rasimu ya kwanza niliiandika usiku na ilikuwa mbaya. Aya nzima ya kuomba radhi, aya nyingine ya kueleza ugumu wa majengo ya kale, na mwishoni “tutajitahidi kumaliza haraka iwezekanavyo”. Niliisoma asubuhi nikajiuliza mama yule angepanga nini kwa maneno hayo. Asingeweza kupanga chochote. Tena nilikuwa nimeandika kwamba kuchelewa kote kumetokana na boriti, na hilo halikuwa kweli. Wiki moja ilikuwa yangu. Nilipokea mchanga bila kuhakikisha umeoshwa vizuri, tukapaka vyumba vya chini, na baada ya siku kadhaa plasta ikachanua chumvi nyeupe ukutani. Ilibidi tubandue tupake upya. Boriti zingeweza kulificha kosa hilo, lakini fundi yeyote ambaye angemwita aje kukagua angeliona kwenye daftari la kazi.

Nikaanza upya. Kichwa cha barua nikakifanya kibebe habari yenyewe, ili hata asiyesoma zaidi ajue:

“KUH: KUAHIRISHWA KWA MAKABIDHIANO YA NYUMBA YA MKOMANI KUTOKA 30 NOVEMBA HADI 28 DESEMBA”

Kisha sababu, kwa sentensi chache:

“Tarehe 3 Oktoba, baada ya kubandua plasta ya saruji ghorofani, tulikuta boriti 11 kati ya 26 zimeoza ncha zake ndani ya ukuta. Hazikuweza kuonekana kabla ya kubandua. Kuzibadilisha kunahitaji siku 21. Siku nyingine 7 zimepotea kwa sababu tulipaka plasta ya vyumba vya chini kwa mchanga wenye chumvi; hilo ni kosa letu, na gharama yake ni yetu.”

Kutenganisha siku 21 na siku 7 ndiko kulikonipa ratiba yenye manufaa. Kuoza kwa boriti kulihusu dari ya juu peke yake. Chini kulichelewa kwa zile siku 7 tu. Kwa hivyo sikuwa na haja ya kumwambia nyumba yote imesogea wiki nne. Niliandika kwamba vyumba vya chini, choo na ua wa ndani nitavikabidhi tarehe 7 Desemba, na ghorofani tarehe 28. Wageni wa tarehe 20 wangekuwa na pa kulala, ingawa kwa kubanana, na nilimwambia wazi kwamba juu kutakuwa bado na mafundi.

Siku 21 nilizieleza pia, maana mtu akiona namba tupu hudhani umejiwekea nafasi ya kupumzika. Kuegemeza dari kwa nguzo na kutoa boriti mbovu, siku 5. Kuweka mpya, kurudishia mawe ya dari na chokaa, siku 9. Siku 7 za mwisho ni za chokaa kukauka taratibu ikifunikwa kwa magunia yanayoloweshwa, kabla ya kupaka tabaka linalofuata. Hapo niliongeza sentensi moja: “Siku hizi 7 haziwezi kupunguzwa kwa kuongeza mafundi, kwa kuwa chokaa ikiharakishwa hupasuka.” Niliiweka kwa sababu nilijua kuna jamaa yake atakayemwambia aniongezee vibarua.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu zaidi ni ile ya kumwomba yeye. Kumtajia mteja wajibu wake katika barua ambayo wewe ndiye unayechelewa ni kugumu, unaona haya. Lakini nilihitaji vitu viwili, na bila hivyo tarehe ya 28 isingekuwa na maana. Kwanza, idhini ya maandishi ya gharama ya boriti, Sh184,000, mchanganuo ukiwa umeambatishwa. Pili, ufunguo. Ghorofani kulikuwa na chumba alichokifunga tangu mamake alipofariki, ndani mna masanduku yake, na ncha za boriti upande mmoja zinaingia katika ukuta wa chumba hicho. Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake. Niliandika:

“Tunaomba idhini na ufunguo vitufikie kabla ya mwisho wa tarehe 14 Oktoba. Vikichelewa, tarehe ya 28 Desemba itasogea kwa idadi ya siku hizohizo. Tunaomba pia mtu wa familia awepo chumba kikifunguliwa, ashuhudie masanduku yakihamishwa.”

Sentensi ya mwisho haikuwa ya kikandarasi, lakini nisingefungua chumba cha marehemu na vibarua wangu peke yetu.

Jambo moja nililobakiza ni lile nisilolijua. Katika chumba kile hatukuwa tumechomeka bisibisi popote. Nikaandika kwamba hesabu ya siku 21 inatosha hadi boriti 3 zaidi, na zikizidi hapo nitamwandikia tena ndani ya siku 2 baada ya kufungua.

Nilituma kwa barua pepe tarehe 8 asubuhi, na nakala yenye muhuri nikaipeleka Mokowe, gati la upande wa bara, ipande basi la Mombasa, irudi ikiwa na sahihi yake ya kuipokea. Alinipigia jioni. Hakuuliza tena wageni watalala wapi. Aliuliza kama choo cha chini kitakuwa na maji tarehe 7. Nikamwambia ndiyo.

Tarehe 13 mpwa wake alishuka gatini na bahasha ya idhini mkononi, ufunguo wa shaba umefungwa kwenye leso. Tulihamisha masanduku manne, yeye akiyahesabu. Kisha nikapanda ngazi na bisibisi. Boriti 2.